Mchujo wa mita 200: nafasi za muda zibaki au ziondolewe?

Wakimbiaji 24, njia nane, fainali moja. Waandaaji wengi hapo huandika michujo mitatu, wawili wa kwanza wa kila mchujo wanafuzu, kisha wawili wenye muda bora kati ya waliobaki wanajaza nafasi ya saba na ya nane. Hizo nafasi mbili ndizo zinazoleta malalamiko, na zina hoja nzito pande zote.

Anayezitetea anaanza na upangaji. Kwa kawaida wakimbiaji huorodheshwa kwa muda wao bora wa karibuni, kisha hugawanywa kwa mtindo wa nyoka: mchujo wa kwanza hupata namba 1, 6, 7, 12, 13, 18, 19 na 24, wa pili 2, 5, 8, 11, 14, 17, 20 na 23, wa tatu 3, 4, 9, 10, 15, 16, 21 na 22. Orodha ikiwa sahihi, makundi yanalingana. Lakini mara nyingi muda ulioandikwa kwenye fomu ni wa zamani, au haupo kabisa, na watatu wenye kasi wanajikuta pamoja. Nafasi za muda humwokoa yule wa tatu. Pia humfanya aliyeachwa nyuma aendelee kukaza hadi mstari wa mwisho.

Upande wa pili unasema kwamba muda wa michujo tofauti haupatikani katika hali moja. Mchujo mmoja unaweza kusukumwa na upepo, unaofuata ukapingwa nao, na kanuni haikupi ruhusa ya kuongeza au kupunguza muda kwa sababu hiyo. Wa mchujo wa mwisho wanajua muda wa kuufukuzia. Wa kwanza hawakuujua. Kwenye mbio ndefu dosari hii ni kubwa zaidi, maana mchujo wa taratibu unawafungia mlango wote waliomo. Katika mashindano ya dunia ya Budapest mwaka 2023, mita 1500 zilifuzisha kwa nafasi tu. Olimpiki ya Paris 2024 iliweka raundi ya marudio kwa waliokosa, kuanzia mita 200 hadi 1500.

Kwa mita 200, ningeamua kwa kuangalia kamera. Kama ipo kamera ya mstari wa mwisho, nafasi mbili za muda zinafaa kubaki. Wawili wa michujo tofauti wakifungana kwa 21.52 katika nafasi ya mwisho, msomaji wa picha anarudi kwenye sehemu za elfu: 21.513 anaingia, 21.517 anabaki nje. Wakilingana hata hapo, wote huingia kama njia ipo, la sivyo kura inapigwa.

Kwa saa za mkono hali ni nyingine kabisa. Muda wa mkono hupandishwa hadi sehemu ya kumi inayofuata, hivyo 21.41 na 21.50 zote huandikwa 21.5. Kumfuzisha mtu kwa tofauti ambayo saa yenyewe haiioni ni kumdhulumu mwenzake. Hapo panga michujo minne ya watu sita, wawili wa kwanza wafuzu, na fainali imejaa bila kulinganisha muda hata mmoja. Gharama yake ni mbio moja zaidi, na wa tatu katika kundi gumu hana pa kukimbilia. Kwa hiyo orodha ya ubora lazima ihakikiwe vizuri zaidi.

Kosa jingine hutokea baada ya mchujo, kwenye droo ya njia za fainali. Tuseme matokeo ni haya: mchujo A 21.10, 21.34, 21.52, B 21.05, 21.48, 21.49, C 21.60, 21.71, 21.80. Wa tatu wa B na wa A wanafuzu kwa muda. Karani akipanga wote nane kwa muda, mshindi wa C anakuwa wa saba na anatupwa njia ya 1 au ya 2, kwenye kona kali. Mpangilio sahihi hutanguliza washindi kwa muda wao (21.05, 21.10, 21.60), kisha wa pili (21.34, 21.48, 21.71), ndipo waliofuzu kwa muda (21.49, 21.52). Watatu wa juu hupigiwa kura njia za 5, 6 na 7. Watatu wanaofuata 3, 4 na 8. Wawili wa mwisho 1 na 2. Kwa raundi ya kwanza, yaani michujo yote, njia hupigwa kura bila kujali ubora.

Mgawanyo huu wa njia ni wa mita 200 pekee. Usiutumie kwa mita 100, ambako wanne wa juu hupewa 3 hadi 6. Na kati ya mchujo wa mwisho na fainali acha angalau dakika 45, ukihesabu tangu mchujo huo ulipokimbiwa kweli, si saa iliyochapishwa kwenye ratiba.