Jina la apatimenti lipimwe kwa dereva wa bajaji

Mama yangu mkubwa alipomaliza kupaua ghorofa lake la Isyesye, hapa Mbeya, aliniita nimtafutie wanunuzi, maana udalali wa nyumba ndiyo kazi inayonilisha. Jengo lina nyumba nane. Kabla hatujagusa habari ya bei akanitolea kibao alichokwisha kukichongesha: bati zito, herufi za dhahabu, na neno moja la Kiingereza lenye maana ya utulivu, ambalo vinywani mwetu ni Sereniti.

"Mwanangu, unalionaje?"

Nilimwomba avae koti twende Kabwe. Pale nilimwendea kijana wa bajaji nikamwambia atupeleke Sereniti, Isyesye. Akauliza, "Seleniti ndiyo wapi, mama?" Nikamwomba aliandike hilo jina kwenye simu yake kama anayetafuta ramani. Akaandika Seleniti. Tukamwendea wa pili, naye akaandika Selenit. Wa tatu aliandika Isyesye peke yake, akasema huko akifika ataulizia.

Watu wa mikoa hii tunajijua. Kisafwa na Kinyakyusa vimetulea na L, na R nyingi za Kiswahili huwa tunazilainisha bila hata kusikia. Hilo halina aibu yoyote, ila lina gharama kwa mwenye jengo. Mteja akisikia jina kwa dereva, akaliandika alivyolisikia, ramani haimpeleki popote. Kwa hiyo mtu akiniletea jina la nyumba, jambo la kwanza ninaloangalia ni kama lina R. Kama inayo, hasa ikiwa imekaa karibu na L, namsihi atafute lingine.

Nasema namsihi kwa sababu naamini jina la jengo lina kazi mbili tu. La kwanza ni kumfanya mtu aone raha ya kuishi pale kabla hajafika. La pili ni kumfikisha. Majina mengi ninayokutana nayo hufanya la kwanza vibaya na la pili hayafanyi kabisa, na anayelipia ni mwenye jengo, kwa miezi ambayo nyumba zinakaa tupu.

Tuanze na raha. Wajenzi wetu wengi wanaazima majina ya Dar es Salaam. Kule ukiita jengo Upepo, umeuza, maana mtu anayelala na feni usiku kucha anautamani upepo. Hapa mji uko kwenye mita 1,700 hivi juu ya bahari, na Juni na Julai asubuhi unaona watu wamejifunga mablanketi kituoni. Mnunuzi wa Mbeya akisikia Upepo anawaza madirisha yanayopiga kelele na mtoto anayekohoa. Methali inasema mchumia juani hulia kivulini, na pwani kivuli ndiyo starehe yenyewe. Kwetu Juni hakuna anayekaa kivulini kwa hiari. Tunabeba viti kwenda kuota jua. Raha ya nyumba ya Mbeya ni jua linaloingia sebuleni asubuhi, na jina likigusa hapo linasikika tumboni.

Mama mkubwa alilielewa hilo haraka kuliko nilivyotarajia, akaja na pendekezo lake la pili: Ugonile. Ni salamu ya Kinyakyusa, na shina lake ni kulala, kama kumuuliza mtu ameamkaje. Nililipenda sana. Nyumba inayokuuliza kama umelala vizuri! Usiku ule niliandika hadi tangazo. Kesho yake nikalisoma kwa simu kwa mteja wangu mmoja wa Tanga aliyekuwa anatafuta nyumba ya kumweka binti yake anayefanya kazi huku. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Dada, hilo neno mbona lina ugoni ndani yake?" Sikuwahi kulisikia hivyo maisha yangu yote. Lakini kwa msikilizaji asiyejua Kinyakyusa, silabi tatu za mwanzo ni neno la mahakamani, na baada ya kuambiwa hivyo hata mimi siachi kulisikia. Tukaliweka pembeni kwa masikitiko. Kwenye jengo la Tukuyu ningelitetea, kwa sababu kule karibu kila anayelisoma ana Kinyakyusa chake. Jengo la kuuza jijini linapita masikioni mwa watu wa kila mkoa.

Tatu likawa Macheo. Lina jua la asubuhi, halina R wala L. Mimi nililiona limekamilika. Tukalijaribu kwa simu, maana neno likisomwa kwenye karatasi halijapimwa bado. Nilipiga kwa watu sita, nikawatajia jina mara moja na kuwaomba wanitumie ujumbe wakiliandika. Wanne waliandika Macheo. Wawili waliandika Machweo. Tofauti ni herufi moja, na jua limehama kutoka mashariki kwenda magharibi. Theluthi nzima ya wasikilizaji wako wakikosea, hilo jina bado.

Tukafika kwenye Pambazuko. Hapo wote sita walipatia, na madereva wawili wa Kabwe pia. Sababu naiona kwenye sauti zake: mb na z zinasikika hata mtandao ukikatakata, na hakuna neno jingine la kila siku linalofanana nalo. Mtu akilisikia mara moja halimtoki.

Sasa kuhusu kufikisha. Hapa mama mkubwa alitaka tuweke Uyole nyuma yake, kwa hoja kwamba Uyole inajulikana nchi nzima. Ni kweli inajulikana. Ndipo barabara ya Tukuyu na Malawi inapochepuka kutoka barabara kuu ya Zambia, na kila aliyepita na basi amewahi kuisikia. Lakini jengo haliko Uyole. Nimeshampokea mnunuzi wa jengo jingine aliyeshuka Uyole na mabegi yake kwa kuamini jina, akapanda bajaji nyingine kurudi nyuma, na alipofika alikuwa ameshakasirika. Mlango haukumpendeza, ngazi hazikumpendeza, hakuna kilichompendeza. Sikumlaumu.

Kuna alama nyingine zinazoonekana salama kumbe zinahama. Uwanja wa ndege ni mfano. Ule wa zamani uko ndani ya mji, na watu bado wanapaita Eapoti. Ndege zilihamia Songwe Desemba 2012. Ukiita nyumba zako kwa jina la Eapoti leo, mgeni anayekuja kwa ndege atakutafuta huko anakotua, wakati mwenyeji atakutafuta mjini. Na ukisema uite Songwe, umejiongezea tatizo la pili: uwanja huo uko Mkoa wa Mbeya, ilhali Mkoa wa Songwe ni mwingine, ulianzishwa 2016 na makao yake yako Vwawa. Maeneo ya Forest hapa mjini nayo ni mawili, ya Zamani na Mpya, kwa hiyo neno Forest likisimama peke yake linamwacha mtu njia panda. Linganisha na jina la kituo cha Mama John. Hakuna mbunifu aliyekaa mezani kulitunga, lakini hakuna kondakta anayelikosea na hakuna abiria anayeshuka pasipo pake.

Kwa hiyo nilisimamia jina la mtaa wenyewe: Pambazuko Isyesye. Na hapa sifichi udhaifu wake. Isyesye ni ngumu kwa mgeni kuiandika. Nimeona Isesye, Isieshe, hata Isyeshe. Lakini ndilo neno analolijua dereva, ndilo lililo kwenye hati, na ndilo litakalokuwepo jengo likishazeeka. Mgeni akilikosea, Pambazuko itamsaidia kwenye ramani. Mwenyeji asipoijua Pambazuko, Isyesye itamfikisha karibu. Kila neno linabeba upande wake.

Jambo moja nilimbana nalo mama mkubwa, na tulibishana mpaka chai ikapoa. Jina linaahidi jua la asubuhi. Je, nyumba zote nane zinalipata? Tulizunguka jengo saa moja na nusu asubuhi, mwezi wa saba, tukihesabu madirisha. Nne zinatazama mashariki, na jua lilikuwa limeshafika kwenye sakafu ya sebule. Mbili za kaskazini, zinazotazama mlima Loleza, zilipata la pembeni, na zinazidi kulipata kadiri mchana unavyokwenda, kwa sababu sisi tuko kusini mwa ikweta na miezi ya baridi jua hupita upande wa kaskazini. Mbili za kusini zilikuwa na giza na baridi, na zitakuwa hivyo baridi yote. Yeye alitaka tusiseme. Mimi nikamwambia, mama, anayenunua ile ya kusini kwa jina la Pambazuko ataamka Julai ajue tumemdanganya, na huyo atakaa hapo miaka ishirini akiwaambia wageni wake. Mwishowe tukaandika kwenye tangazo kila nyumba na upande wake, na zile mbili bei yake ikashuka.

Upande wa makaratasi ni mfupi. Jina unalopaka ukutani halimo kwenye hati. Hati inajua namba ya kiwanja, kitalu na eneo. Kwa hiyo kwenye tangazo na mkataba andika vyote viwili, jina na namba ya kiwanja, ili mnunuzi akienda ardhi kufanya upekuzi asirudi na maswali. Kama utauza au kupangisha kwa jina hilo kibiashara, litafute kwanza kwenye mfumo wa BRELA mtandaoni uone kama kuna mwenzako aliyelisajili. Na tangu operesheni ya anwani za makazi ya 2022, nyumba zina namba na mitaa ina vibao. Hiyo namba ibandikwe chini ya jina, kwenye kibao hichohicho.

Kibao cha kwanza hatukukitupa. Fundi alikigeuza, akapaka upande wa nyuma rangi nyeupe, na maandishi ya bluu iliyokoza yanayosomeka ukiwa upande wa pili wa barabara, maana zile herufi za dhahabu jua likizipiga zilikuwa hazisomeki kabisa. Nyumba mbili za mashariki zina wenyewe sasa. Mmoja wao ni yule mteja wa Tanga. Binti yake alikuja peke yake siku ya kwanza, na nilipompigia nimwelekeze njia, alisema yuko getini tayari, dereva alimleta moja kwa moja.