Dira ya dagaa si kusudi la dagaa

"Kaka, mimi nauza dagaa. Hayo ya kusudi, dhima, dira na tunu niandikie tu, benki wanayataka."

Mama huyu anafungasha dagaa Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, na nusu ya anayosema ni kweli. Biashara ya watu watatu haihitaji mabango manne ukutani. Dhima, yaani kazi yenyewe na inafanywa kwa ajili ya nani, wanaishi nayo kila asubuhi: kununua dagaa walioanikwa kwenye chanja, kuwachambua, kuwafungasha nusu kilo nusu kilo na kuwapeleka kwenye maduka ya Dodoma. Anayemcheka kwamba hajui dhima yake anamwonea.

Shida iko kwenye fomu ya benki. Penye "kusudi" alikuwa amejaza: kuwa muuzaji namba moja wa dagaa Kanda ya Ziwa. Hiyo ni dira, mahali pa kufika, na ukishafika imekwisha. Kusudi ni sababu ya kuwepo, halina siku ya kufika. La kwake alinieleza bila kuulizwa: amechoka kuona watu wanaosha dagaa mara nne na bado mtoto anatafuna mchanga. Watafiti wa biashara Jim Collins na Jerry Porras walilitenga jambo hili mwaka 1996: kusudi na tunu, yaani misimamo isiyovunjwa, hudumu, lengo kubwa la dira hupewa miaka 10 hadi 30, kisha huwekwa jingine.

Kuchanganya huku kunamuumiza nani? Subiri mbalamwezi. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza, hivyo mwezi ukiwa mpevu mitumbwi mingi hupumzika na mzigo huadimika. Tuseme Dodoma wameagiza kilo 200, na dagaa wa chanja wamepatikana kilo 120 tu. Kilo 80 zipo, ila zimeanikwa mchangani, mzigo wa kwenda kwenye chakula cha kuku. Mama yuko safarini. Kijana wa stoo anatazama bango: namba moja. Anajazia. Wala hajakaidi, ametii kilichoandikwa! Bango lingetaja dagaa wasio na mchanga, angepiga simu Dodoma kusema mzigo umepungua.

Kwenye tunu fomu ilisema uadilifu, ubora, mteja kwanza. Nani sokoni atatangaza kinyume chake? Maneno ambayo kila mtu anayakubali hayamwamulii kijana chochote. "Hatuchanganyi mzigo" yanamwamulia, kwa sababu yana bei: wiki ile ni mauzo ya kilo 80.

Tukaihamishia "namba moja" kwenye dira, tukaiwekea mwaka. Mchanga ukapanda kwenye kusudi. Alipofika kwenye tunu, mama akashika kalamu, akasita.

"Hatuchanganyi... hata wakati wa mbalamwezi?"