Advansi isiyoisha: hesabu inayomfunga mfanyakazi kwa mwajiri

Advansi ya mshahara si kitu kibaya. Mtoto anaumwa tarehe 12, mshahara uko mbali, na mwajiri ndiye pekee anayeweza kutoa fedha siku hiyohiyo bila kudai dhamana. Mkopeshaji wa mtaani angetoza zaidi. Mwajiri naye anabeba hatari ya kweli, kwa kuwa analipia kazi ambayo bado haijafanywa, na mkopaji anaweza asionekane tena kesho. Hoja hizi zina uzito. Kasoro huanzia kwenye namna deni linavyokatwa.

Tuchukue mshahara wa 10,000 kwa mwezi, wa sarafu yoyote. Matumizi ya lazima ya mfanyakazi ni 9,800. Anachukua advansi ya 4,000, na mwajiri anatoza asilimia 5, yaani 200, kwa kila advansi. Mwisho wa mwezi anakatwa zote kwa mkupuo na kubaki na 5,800. Ili afikie 9,800 anapungukiwa 4,000, kwa hiyo anakopa tena kiasi kilekile. Baada ya miezi 12 amelipa ada ya 2,400, na bado anadaiwa 4,000 zile za mwanzo. Kwenye karatasi ada ni asilimia 5 tu. Kwa mwaka mzima ni asilimia 60, maana ni fedha zilezile zinazozunguka.

Kama ada isingekuwepo na makato yangekuwa 200 kwa mwezi, deni lingeisha kwa miezi 20. Mwajiri atasema miezi 20 ni mingi, na kwa biashara ndogo anasema kweli. Lakini ziada ya mfanyakazi ni 200, na makato yoyote yanayozidi hapo yatarudi mezani kwake kama ombi la advansi mpya. Kwa hiyo, kabla ya kutoa, tazama kinachobaki baada ya matumizi. Ukubwa wa mshahara peke yake haukuambii kitu. Kama advansi hailipiki kwa muda ambao mwajiri anaweza kuvumilia, ni heri atoe kiasi kidogo zaidi.

Dalili ya mtego huonekana kwenye hati za mshahara: advansi inayolingana kila mwezi, miezi mitatu au minne mfululizo. Dalili nyingine, mbaya zaidi, ni advansi kuchanganywa kwenye daftari moja na sare, vyombo vilivyovunjika na upungufu wa fedha kwenye kaunta. Advansi mfanyakazi aliipokea mkononi, lakini upungufu wa kaunta ni madai yanayohitaji kuthibitishwa. Vikishajumlishwa, hakuna anayeweza kusema salio limetoka wapi. Mkataba Na. 95 wa mwaka 1949 wa Shirika la Kazi Duniani unaruhusu makato kwa masharti na viwango vilivyowekwa na sheria za nchi, makubaliano ya pamoja au uamuzi wa usuluhishi. Mwajiri hajipangii tu.

Wengi hubaki kwenye kazi mbaya kwa kuamini kwamba hawawezi kuondoka kabla ya kumaliza deni. Hapa hesabu mara nyingi iko upande wao. Mfanyakazi wetu akitoa notisi ya mwezi mmoja kwa maandishi na kufanya kazi hadi siku ya mwisho, anadai mshahara wa 10,000. Kama ana siku 8 za likizo zinazolipwa anapoondoka, na mwezi unahesabiwa siku 26 za kazi, anadai pia 3,077. Jumla ni 13,077. Toa deni la 4,200, abaki na 8,877 mkononi.

Akifanya kazi hadi mwisho wa mwezi uleule, kisha akatoroka bila notisi, sheria au mkataba unaweza kumruhusu mwajiri kudai mshahara wa mwezi mmoja. Hapo 8,877 inageuka kuwa deni la 1,123. Ndiyo maana notisi ina thamani kubwa kuliko ugomvi wa siku ya mwisho. Ibaki nakala yenye tarehe na sahihi ya aliyeipokea, pamoja na picha za hati za mshahara zilizopigwa mapema, kabla habari ya kuondoka haijasikika.

Ikiwa bado kuna salio baada ya hesabu hiyo, mwajiri ana haki ya kulipwa, na mfanyakazi aweke kwa maandishi kiasi na tarehe za kulipa. Lakini hilo ni deni la kawaida la madai. Ibara ya 11 ya Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa mwaka 1966 inakataza kumfunga mtu kwa sababu tu ameshindwa kutimiza wajibu wa kimkataba. Mwajiri anayeshikilia pasipoti au vyeti mpaka deni liishe ameshatoka kwenye kudai chake. Wakaguzi wa kazi huhesabu kushikilia hati miongoni mwa dalili za kazi ya kulazimishwa, na malalamiko yanayopelekwa kwao yaanze na jambo hilo, kabla ya hesabu ya fedha.