Saini ya I-864 haifi na ndoa

"Jamani, binamu yangu hapa Minnesota kipato hakimtoshi, anaomba niwe sponsa wa pili wa mke wake anayetoka Mwanza. Nikisaini nabanwa mpaka lini?"

I-864 ni ile karatasi ya kuiahidi serikali ya Marekani kwamba utamtunza mgeni anayeomba grinikadi, na miaka haijapangwa, ndugu. Kwa kawaida unafunguliwa shemeji akipata uraia, au akifikisha robo mwaka 40 za kazi kwenye Sosho Sekuriti ambazo ni kama miaka 10 hivi, au akiiacha grinikadi na kuondoka Marekani, au mmoja wenu akifa. Talaka haimo humo, na hapo ndipo watu wengi wanapigwa na butwaa.

Tuseme wameachana baada ya miaka miwili, shemeji yuko peke yake anafanya kazi ya saa chache, anapata dola 12,000 kwa mwaka. Uliahidi kwamba hatashuka chini ya asilimia 125 ya kiwango cha umaskini, na kwa mtu mmoja mwaka 2025 hiyo ilikuwa kama dola 19,562. Pengo ni dola 7,562 kwa mwaka, anaweza kulidai mahakamani, na si lazima aanze na binamu yako, kila mmoja wenu anaweza kudaiwa deni zima, hata akikuchagua wewe tu mwenye kazi nzuri. Akichukua msaada wa serikali wa wenye kipato kidogo kama Medicaid au SSI, serikali nayo ina haki ya kukudai irudishiwe. Na usitegemee utetezi wa "si akatafute kazi", mwaka 2012 kwenye kesi ya Liu na Mund mahakama ya rufaa ya huko Chicago ilisema mgeni halazimiki kutafuta kazi ili kumpunguzia sponsa mzigo.

Kwa upande wa mke sheria hii mimi naielewa kabisa. Mtu kaacha duka lake na ndugu zake, kaja kwenye baridi, halafu mume anamwambia toka, bila hiyo karatasi angeshika nini? Na walipa kodi nao wana haki ya kusema aliyemleta ndiye amtunze.

Ila kwa sponsa wa pili naona imekaza mno. Huishi nao, huna sauti kwenye ndoa yao, na huwezi kumlazimisha shemeji aombe uraia hata miaka ikitimia. Halafu talaka yenyewe inakurefushia kifungo, maana akiwa ameolewa na raia na wanaishi pamoja anaweza kuomba baada ya miaka 3, wakiachana anasubiri 5, na zile robo alizofanya mume wakati wa ndoa hazihesabiwi tena upande wake.

Kwa hiyo mimi ningesaini kama tu lile pengo ningeweza kulilipa bila kuuza gari. Ukisita baada ya kusaini, bado unaweza kujitoa kwa maandishi, lakini iwe kabla viza haijatoka, au kabla grinikadi haijapitishwa kama ameombea akiwa hukuhuku.