Rula au mkunjo: bondi moja ya miundombinu inapovuruga hesabu

"Soko limeshasema faida ya kila bondi. Kwa nini unazilazimisha nukta nane zifuate mkunjo wa vigezo vitatu usiopita hata kwenye moja, badala ya kuziunganisha kwa rula na kuheshimu kila bei?"

Swali hilo niliulizwa na kijana tunayefanya naye kazi ya kuthamini bondi za mfuko wa pensheni hapa Nairobi, na lina uzito kuliko alivyodhani. Kila bondi ni nukta kwenye mchoro wa miaka iliyobaki na faida: rula huziunganisha nukta kwa mistari iliyonyooka, mkunjo hupita katikati yake. Rula ina sifa moja ambayo mkunjo hauna: kosa hubaki pale lilipotokea. Nukta ya miaka 7 ikiwa mbovu, huharibu kipande cha kati ya miaka 5 na 10 tu. Mkunjo husambaza kosa hilo kote.

Tuone kwa hesabu. Mkunjo wenyewe ni ule ambao watafiti Nelson na Siegel waliuchapisha mwaka 1987. Faida ya bondi ya miaka t inajengwa kwa vitu vitatu. Kwanza ni ngazi, yaani kiwango ambacho faida huelekea muda unapokuwa mrefu sana. Pili ni mteremko, ambao nguvu yake huanza na 1 kwa muda mfupi kabisa kisha ikafifia. Tatu ni tuta, ambalo halina nguvu mwanzoni, hupanda katikati, kisha hushuka. Kuna namba ya nne inayoamua kasi ya kufifia, lakini ukiichagua mwenyewe kabla ya kuanza, vitatu vilivyobaki hupatikana kwa hesabu ya moja kwa moja: tafuta ngazi, mteremko na tuta vitakavyofanya jumla ya miraba ya makosa iwe ndogo kabisa. Mimi hapa nimeiweka 2, na tuta hufika kilele karibu na miaka 3 na nusu.

```python
import numpy as np
# t ni safu ya NumPy ya miaka, y ni safu ya faida
x = t / 2
e = np.exp(-x)
f1 = (1 - e) / x
X = np.column_stack([np.ones(len(t)), f1, f1 - e])
b = np.linalg.lstsq(X, y, rcond=None)[0]
```

Faida zifuatazo nimezitunga ili hesabu ionekane wazi. Hati ya Hazina ya siku 91 ina asilimia 8.89, mwaka 1 ni 9.85, miaka 2 ni 10.79, miaka 5 ni 12.27, miaka 10 ni 13.10, miaka 15 ni 13.40, na miaka 20 ni 13.55. Nukta hizi saba zinatoa ngazi 14, mteremko −5.5 na tuta 1. Ukijumlisha ngazi na mteremko unapata 8.5, faida ya muda mfupi kabisa, na inakaa vizuri chini kidogo ya hati ya siku 91. Hilo ndilo jambo la kwanza ninaloliangalia kila ninapomaliza kukokotoa.

Sasa ongeza nukta ya nane: bondi ya miundombinu iliyobakiza miaka 7, inayouzwa kwa faida ya 11.22. Mkunjo ulikuwa ukisema 12.72 mahali hapo, kwa hiyo tofauti ni asilimia 1.5. Ukikokotoa upya, ngazi inakuwa 14.06, mteremko −5.24, na tuta linaporomoka kutoka 1 hadi −0.95. Palipokuwa na kilima sasa pana bonde. Bondi ya miaka 5, ambayo bei yake haijaguswa na mtu, mkunjo unaishusha kutoka 12.27 hadi 11.86. Hati ya siku 91 nayo inapanda kutoka 8.89 hadi 9.07, ingawa mnada wake hauna uhusiano wowote na bondi hiyo. Hapo ndipo kijana yule ana haki kabisa ya kulalamika.

Lakini mpe rula afanye kazi hiyohiyo. Anaunganisha miaka 5, 7 na 10, na kila bei imeheshimiwa. Halafu muulize riba ya siku za mbele inayojificha ndani ya mistari yake. Tukizichukulia faida hizo kama za pesa inayolipwa mara moja mwishoni, mtu anayeweka pesa kuanzia mwaka wa 5 hadi wa 7 anapata takriban asilimia 8.6 kwa mwaka, na anayeweka kuanzia mwaka wa 7 hadi wa 10 anapata takriban 17.6. Hakuna mwekezaji mwenye sababu ya kutarajia kuruka kwa namna hiyo. Kosa la rula limefungiwa mahali pamoja, ndiyo, lakini mahali hapo limekuwa kubwa kupindukia, na atakayethamini bondi ya miaka 6 kwa mstari huo ataithamini vibaya bila kupata onyo lolote.

Mkunjo hutoa onyo. Hata baada ya kuvutwa chini, bado unaacha pengo la asilimia 1.15 kwenye nukta ya miaka 7, na pengo kama hilo likisimama peke yake kati ya mapengo madogo, linakwambia kuna kitu hakifanani na vingine. Kwa hiyo mimi huyasoma mapengo kabla ya kuusoma mkunjo.

Mara nyingi chanzo ni kodi. Riba ya bondi ya kawaida ya Serikali iliyo chini ya miaka 10 hukatwa kodi ya zuio ya asilimia 15. Bondi za miundombinu zimekuwa zikitolewa bila kodi hiyo, kwa hiyo mnunuzi hukubali faida ndogo na bado akabaki na zaidi mfukoni. Kuziweka kwenye mkunjo mmoja bila kurekebisha ni kuchanganya mshahara kabla ya makato na mshahara baada ya makato. Njia ya haraka ni kugawanya 11.22 kwa 0.85, unapata 13.20. Sasa nukta iko juu ya mkunjo kwa 0.48, na bondi ya miaka 5 inapanda kwa 0.13 badala ya kushuka kwa 0.40. Ni nafuu, ila bado si sahihi kabisa. Kodi hukata riba inapolipwa, lakini faida ya kuishikilia bondi hadi mwisho hutegemea pia bei uliyoinunulia. Tena baadhi ya bondi hizi hurudisha mtaji kwa awamu, hivyo miaka 7 iliyoandikwa si muda ambao pesa yako inakaa nje. Ndiyo maana mimi huzitoa kwenye hesabu ya mkunjo na kuzithamini pembeni, kila moja kwa pengo lake.

Hatari ya pili iko upande mwingine. Wapo wanaoacha hati za muda mfupi kwa kuwa mfuko wao haumiliki hata moja, wakabaki na bondi za miaka 10, 15 na 20. Angalia nguvu za mteremko na tuta hapo: kwa miaka 10 ni 0.199 na 0.192, kwa miaka 15 zote ni 0.133, kwa miaka 20 zote ni 0.100. Namba ni karibu zilezile. Hesabu inaweza kujua jumla ya mteremko na tuta, lakini haiwezi kuwatenganisha, na bei ikisogea kidogo mmoja anaweza kurukia −40 na mwingine 35. Mkunjo utapita vizuri kwenye bondi zote tatu na kutoa upuuzi kwa miaka 2. Jumlisha ngazi na mteremko: ikiwa haikai popote karibu na hati ya siku 91, umeshajua. Dawa yake ni kuziweka hati hizo ndani, hata kama humiliki.

Kwa bondi iliyouzwa leo kwa kiasi cha kutosha, ninatumia bei yake na siuulizi mkunjo. Kwa bondi ambayo haijaguswa sokoni kwa wiki kadhaa, na ndizo nyingi kwenye Soko la Hisa la Nairobi, ninauamini mkunjo wa vigezo vitatu kuliko rula, mradi nimeona orodha ya mapengo na kujua bondi ipi imetolewa na kwa nini.