Usahihi nusu kwenye sheda za simu: unatosha wapi, na unaharibu picha wapi

"Kama `mediump` ndiyo inayoleta mistari na kupepesa kwenye simu, kwa nini tusiandike `highp` kila mahali tukamaliza?"

Wanaotetea msimamo huo wana hoja nzito. Tangu OpenGL ES 3.0, kila simu inayoifuata lazima iwe na usahihi kamili wa biti 32 hata kwenye sheda ya pikseli, kwa hiyo kisingizio cha zamani kwamba baadhi ya simu hazina `highp` kimekwisha. Isitoshe, `mediump`, neno linaloruhusu usahihi nusu wa biti 16, ni kiwango cha chini kinachoruhusiwa tu, wala si amri ya kuutumia. Kompyuta ya mezani kwa kawaida huipuuza na kupiga hesabu zote kwa biti 32, na matokeo yake ni kwamba kasoro ambayo mwandishi wa sheda hakuiona hata mara moja kwenye mashine yake inajitokeza kwenye simu ya mtumiaji. Kasoro isiyoonekana pale kazi inapofanyika ni hatari kuliko ile inayoonekana, na hilo peke yake linatosha kumfanya mtu makini aikimbie `mediump`.

Upande wa pili nao hauzungumzi juu ya akiba ndogo. Namba mbili za biti 16 hukaa ndani ya rejista moja ya biti 32, na vichakataji vingi vya michoro vya simu huzipigia hesabu zote mbili kwa amri moja. Rejista ndiyo hoja kubwa zaidi. Katika vichakataji vya Mali vya vizazi vya Bifrost na Valhall, sheda inayotumia rejista 32 au pungufu hupata nyuzi zote ambazo kiini kinaweza kuziendesha kwa pamoja. Ikivuka 32, nyuzi hupungua hadi nusu. Nyuzi zikipungua, kichakataji hukosa kazi nyingine ya kufanya wakati kinasubiri tekscha kutoka kwenye kumbukumbu, na sheda iliyoongezewa rejista chache tu inaweza kupunguza kasi ghafla. Kwa hiyo gharama ya `highp` haipandi polepole. Inaweza kukaa sawa kwa muda mrefu kisha ikaruka.

Kwa maoni yangu pande zote mbili zinakosea zinapopanga usahihi kwa aina ya kitu, kwamba rangi ziwe nusu na mahali pawe kamili. Kinachoamua ni ukubwa wa namba pamoja na hesabu inayofuata baada yake. Namba ya usahihi nusu ina biti 10 za sehemu, biti 5 za kipeo na moja ya alama. Kati ya 0.5 na 1, hatua kati ya namba moja na inayofuata ni 1/2048. Kila namba inapoongezeka maradufu, hatua nayo inaongezeka maradufu: kati ya 1 na 2 ni 1/1024, kati ya 512 na 1024 ni 0.5, na namba kubwa kabisa ni 65504. Basi kabla ya kuandika neno la usahihi, inafaa kujiuliza hatua hiyo itakuzwa mara ngapi kabla ya kufika kwenye skrini.

Tukianza na rangi yenyewe, jibu ni kwamba haikuzwi. Skrini ya biti 8 ina viwango 256 kwa kila rangi, na hatua ya 1/2048 ni ndogo mara nane kuliko kiwango kimoja. Mistari inayoonekana kwenye anga la jioni au kwenye kivuli laini kwa kawaida huletwa na biti 8 za picha inayoandikwa, na `highp` haitaiondoa. Kinachoiondoa ni kuongeza kelele ndogo, isiyozidi kiwango kimoja, kabla ya kuandika rangi. Hapa kuna mtego: fomyula maarufu ya kelele, `fract(sin(x) * 43758.5453)`, hufa ikiwa ndani ya usahihi nusu, kwa sababu namba yoyote kuanzia 1024 kwenda juu haina tena sehemu ya desimali. Karibu kila pikseli hupata sifuri, na dawa inakuwa haipo ingawa msimbo wake upo. Hesabu ya kelele iwe kamili hata kama rangi inayoipokea ni nusu.

Mng'ao wa taa kwenye uso laini ni kisa kingine kabisa, na ndicho kinachostahili kuangaliwa kwa karibu. Chukua sheda hii ya kawaida:

```glsl
precision mediump float;
// n na h ni vekta za urefu wa 1
float nh = max(dot(n, h), 0.0);
float s = pow(nh, 256.0);
```

Katikati ya mng'ao `nh` ni 1. Thamani inayofuata chini yake, kwa usahihi nusu, ni 1 kutoa 1/2048. Ukiipandisha kwa kipeo cha 256 unapata takriban 0.88, na inayofuata 0.78, kisha 0.69. Kwa viwango vya skrini hizo ni 255, 225, 199 na 175: kila hatua inaruka viwango 24 hadi 30, na hakuna kitu kinachoweza kuonekana kati yake. Mng'ao uliopaswa kufifia taratibu unageuka duara ndani ya duara zenye kingo kali. Kamera ikisogea kidogo, pikseli zilizo kwenye ukingo wa duara huvuka kutoka hatua moja kwenda nyingine na kurudi, na huko ndiko kupepesa kunakotoka. Mistari na kupepesa, katika kisa hiki, ni kasoro moja inayoonekana kwa namna mbili.

Marekebisho ya kwanza ambayo mtu hujaribu huwa hayafanyi kazi:

```glsl
highp float nh = max(dot(n, h), 0.0);
```

Katika GLSL ES, usahihi wa hesabu hutokana na namba zinazoingia ndani yake, wala hautokani na kigeugeu kinachopokea jibu. Namba za wazi kama `0.0` hazina usahihi wao wenyewe. Maadamu `n` na `h` ni `mediump`, kichakataji kina ruhusa ya kupiga `dot` kwa biti 16, kisha kuliweka jibu lililokwisha kuharibika kwenye chombo kikubwa. Lazima `n` na `h` zenyewe ziwe `highp`, pamoja na data zinazotoka kwenye sheda ya pembe, yaani vertex shader, ambazo vekta hizo zimejengwa kwazo. Jibu la mwisho, `s`, linaweza kurudi `mediump` bila madhara, kwa kuwa baada ya hapo ni rangi tu.

Kuna njia nyingine ambayo naipenda zaidi, kwa sababu inaheshimu hoja za pande zote mbili. Tatizo la `nh` ni kwamba habari yote muhimu imekaa karibu na 1, mahali ambapo usahihi nusu una hatua kubwa, ilhali karibu na sifuri hatua zake ni ndogo mno. Urefu wa `cross(n, h)` ni sini ya pembe kati ya vekta hizo, na katikati ya mng'ao sini hiyo ni sifuri. Kwa kuwa mraba wa `nh` ni 1 kutoa mraba wa sini, kipeo cha 256 kinaweza kuandikwa, kwa makadirio mazuri, hivi:

```glsl
vec3 c = cross(n, h);
float s = exp(-128.0 * dot(c, c));
```

Msimbo wote ukibaki `mediump`, kosa linaloletwa na hatua za 1/2048 hushuka hadi karibu na kiwango kimoja au viwili vya skrini. Kinga moja inahitajika: `cross` haitofautishi uso unaoelekea taa na ule ulioipa mgongo, hivyo `s` ibaki ikizidishwa kwa `max(dot(n, l), 0.0)`, ambapo `l` ni mwelekeo wa taa. Filament, injini ya michoro ya Google, hutumia wazo hilohilo la `cross` katika mng'ao wake kwenye simu, kwa sababu hiyohiyo.

Njia hiyo haisaidii pale namba yenyewe inapokuwa kubwa, na hapo naungana na watetezi wa `highp` bila masharti. Mfano ulio wazi kuliko yote ni tekscha inayotembea, kama maji, kwa `uv + vec2(uTime * 0.05, 0.0)`. Kwa fremu 60 kwa sekunde, fremu moja huchukua sekunde 0.0167. Saa ya mchezo ikishapita sekunde 32, hatua ya usahihi nusu ni 1/32, ambayo ni ndefu kuliko fremu, na maji huanza kukwamakwama. Ikifika dakika kumi, hatua ni nusu sekunde: maji yanasimama, kisha yanaruka 0.025 ya upana wa tekscha, yaani karibu pikseli 26 kwenye tekscha ya 1024. Anayejaribu mchezo kwa sekunde ishirini hataona lolote.

Wengi hurekebisha nusu ya tatizo tu. Huikata saa, ikiwa imekwisha kuzidishwa kwa 0.05, upande wa programu kwa `fract`, ili iingie kwenye sheda ikiwa kati ya 0 na 1, na mruko mkubwa unaisha. Lakini jumla ya `uv` na saa hiyo inaweza kuvuka 1, ambako hatua ni 1/1024, wakati mwendo wa kila fremu ni 0.05 kugawa kwa 60, takriban 0.0008. Hatua bado ni kubwa kuliko mwendo. Mahali pa kusoma tekscha lazima pabaki `highp` hadi kwenye `texture()` yenyewe, na rangi inayotoka humo ndiyo inayoweza kuwa nusu. Hali ni ileile kwa mahali pa kitu ulimwenguni: vekta ndefu kuliko 256 ikisawazishwa kwa usahihi nusu, mraba wa urefu wake unapita 65504 na mwanga wake unazimika.

Baada ya kugawa hivyo, faida yake ipimwe badala ya kuaminiwa. Kubadilisha namba kutoka biti 16 kwenda 32 na kurudi kunaweza kugharimu amri za ziada, na sheda inayochanganya kila mstari inaweza kupoteza ilichopata. Ni bora mpaka uwe mmoja, mahali `highp` inapoishia na rangi inapoanzia. Kwa Mali, zana ya `malioc` huonyesha rejista zinazotumika na asilimia ya hesabu zinazofanywa kwa biti 16. Kama sheda nzima ya `highp` inabaki ndani ya rejista 32 na muda wake mwingi unaenda kwenye kusoma tekscha, sioni sababu ya kuigusa. Kwa upande wa picha, badili mstari wa `precision mediump float;` kuwa `highp` na uangalie kwenye simu halisi: mistari ikibaki, chanzo chake ni picha inayoandikwa, ikitoweka, rudisha nusu kigeugeu kimoja kimoja hadi irudi. Jaribio hilo lifanywe huku `uTime` ikianzia 3600.