Tangazo Lenye Muhuri Liandikwe Pia kwa Maneno

Hapa Dar es Salaam tangazo rasmi lina desturi yake. Linachapwa kwenye karatasi yenye nembo, linatiwa saini, linagongwa muhuri, halafu linapigwa picha na kupandishwa kwenye tovuti kama lilivyo. Sababu naielewa: matangazo ya uongo yamejaa kwenye simu zetu, na watu wanataka kuuona muhuri ndipo waamini. Lakini tangazo la picha tupu linamwacha nje asiyeona na anayeona kwa shida, na naona tumelizoea mno jambo hili.

Zahanati moja huku Mbagala ilibadilisha siku za kliniki ya watoto, tangazo likawekwa kwenye tovuti yake kwa namna hiyohiyo. Jirani yangu, mama mmoja asiyeona, anatumia TalkBack, kisoma skrini kinachopatikana kwenye simu nyingi za Android. Anatelezesha kidole kwenda kulia, simu inamtajia kitu kinachofuata. Ilitaja kichwa "Matangazo", kisha ikasoma jina la faili, IMG-20240312-WA0007.jpg, herufi na tarakimu zote, kisha ikaenda moja kwa moja kwenye namba ya simu ya zahanati. Akaniuliza, "Mwanangu, hizo namba ndiyo tarehe mpya?"

Kisoma skrini husoma maandishi yaliyomo kwenye ukurasa. Maneno yaliyo ndani ya picha, kwake ni rangi tu. Asipowekewa maelezo, mtumiaji atasikia "picha", au jina la faili, au picha itarukwa kabisa bila yeye kujua kwamba ilikuwepo. Baadhi ya simu hujaribu kuyatambua maandishi yaliyo kwenye picha, ila muhuri ukipita juu ya tarehe, au ratiba ikiwa ya jedwali, matokeo huwa mchanganyiko usiotegemewa. Na tarehe ya kliniki si kitu cha kubahatisha.

Mafundi wengi wa tovuti wakiambiwa haya hukimbilia kuliandika tangazo zima ndani ya alt, yaani maelezo ya picha. Mimi sikubaliani nao. Maelezo hayo husomwa kwa mkupuo mmoja, na msikilizaji hawezi kurudi kwenye mstari wa Jumatano peke yake. Zaidi ya hapo, hayaonekani kwenye skrini, kwa hiyo mzee mwenye mtoto wa jicho, anayekuza maandishi ili asome mwenyewe, hayamsaidii kitu. Yeye akiivuta picha inakuwa ukungu, na mistari inatoka nje ya skrini hadi asogeze kushoto na kulia kwa kila sentensi. Maandishi ya kawaida, ukurasa ukitengenezwa vizuri, hukua na kujipanga upya.

Kwa hiyo maneno yaandikwe kwenye ukurasa wenyewe, siku na saa kila moja kwenye mstari wake. Picha yenye muhuri ibaki chini yake kama ushahidi, na maelezo mafupi:

```html
<img src="tangazo.jpg" alt="Nakala ya tangazo hili yenye saini na muhuri wa Mganga Mfawidhi">
```

Juu ya ukurasa lugha itajwe, kwa sababu tovuti nyingi za Kiswahili zimeachwa na `en` iliyokuja na kiolezo. Hapo kisoma skrini kinaweza kuchukua sauti ya Kiingereza na kusoma Kiswahili kwa matamshi ambayo hata mwenye lugha haambulii:

```html
<html lang="sw">
```

Ukishaandika, angalia rangi. WCAG, mwongozo wa kimataifa wa kuzifanya tovuti zitumike na watu wenye ulemavu, unataka maandishi ya kawaida yatofautiane na mandhari yake kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1, na yale makubwa 3 kwa 1. Kijivu tunachokipenda kwa tarehe, `#999999` juu ya nyeupe, kinapata 2.85 tu, kikikolezwa hadi `#767676` kinavuka kidogo. Hata nyekundu kali ya "MUHIMU", `#FF0000`, inaishia kama 4, hivyo inafaa kwa kichwa kikubwa na si kwa aya. Nyekundu iliyokolea, `#C00000`, inapita 6. Njano juu ya nyeupe iachwe kabisa.

Kuligundua tangazo la picha hakuhitaji utaalamu. Kwenye simu ya Android, bonyeza neno moja kwa kidole na ushikilie. Likichaguka peke yake, hayo ni maandishi. Ikitokea menyu ya kupakua picha, maneno yote bado yamefungwa humo ndani, na aliyelipandisha anaweza kuyachapa chini yake siku hiyohiyo, kwani faili ya Word iliyotumika kuandika tangazo hilo kwa kawaida bado iko kwenye kompyuta ya ofisi.